Msumeno wa kukatia, si wa kukatisha

*Mwalimu, habari za kazi. Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita huku Masaka, Uganda. Wanafunzi wangu wanazijua kauli zote: ukimwuliza mmoja kitenzi "kata" anakupa katia, katisha, katwa, katika, katana bila kusita. Tatizo ni sentensi nzima. Juzi niliwapa "Fundi alikata mbao kwa msumeno" waiandike katika kauli ya kutendea. Karibu nusu waliandika "Fundi alikatisha mbao msumeno", na wengine "Fundi alikatia mbao kwa msumeno". Wanakosea wapi hasa, na mazoezi ya namna hii niyapange vipi?*

Hayo ni makosa mawili yasiyo na undugu, mwalimu mwenzangu. Ukiyachora mkasi mmoja mwekundu, kila mwanafunzi atabaki na lake. Nianze na hao wa "alikatisha", kwa sababu kosa lao limetoka nyumbani.

Hawakubahatisha. Wamefikiri kwa Kiganda, na kwa Kiganda wako sawa kabisa. Kola ni kufanya kazi. Ongeza mkia wa kusababisha, unapata kozesa, na kozesa katika mazungumzo ya kila siku ni "kutumia", yaani kufanyia kazi kitu fulani. Sala ni kukata. Ukitaka kutaja kisu unachokatia, utasema saza. Mkia wa Kiganda wa kusababisha unabeba mizigo miwili: kumfanya mtu atende, na kutenda kwa chombo. Kiswahili kiliigawa mizigo hiyo. Wa kwanza kiliuacha kwenye kutendesha, wa pili kikaupeleka kwenye kutendea. Ndiyo maana tuna kalamu ya kuandikia, sufuria ya kupikia, maji ya kuogea na kiti cha kukalia. Mwanafunzi wako ameona chombo kwenye sentensi, akakimbilia mkia ambao kwao hubeba vyombo.

Balaa ni kwamba "katisha" ni neno halisi lenye shughuli zake: kukatisha mazungumzo, kukatisha safari, kukatisha tamaa. Mtu wa Tanga akisoma kwamba fundi alikatisha mbao, atajiuliza zilikuwa zinasafiri kwenda wapi.

Nilipofundisha upande wa kaskazini, kwa vijana waliokulia Kiacholi, lugha isiyo ya Kibantu, kosa hili sikuliona. Walikuwa na mengine mengi, lakini si hili. Kwa hiyo usiwaeleze wa kwako eti hawajui kauli ya kutendea. Waambie wazi kwamba lugha hizi mbili ni ndugu waliogawana urithi, na hapa kila mmoja alichukua shamba lake.

Dawa yake si kukariri jedwali. Mimi huingia darasani na vyombo, au nikikosa navitaja tu, na kila mwanafunzi anakamilisha kwa "wa ku-" au "cha ku-": jembe la kulimia, ndoo ya kutekea maji, jiwe la kunolea panga, mwiko wa kusongea posho, kikombe cha kunywea chai, ufagio wa kufagilia uwanja. Hapo hakuna sentensi ya kubadilisha wala wa kumhamisha, kuna chombo na kazi yake. Baada ya vyombo kumi na tano hivi sikio linakubali kwamba chombo cha Kiswahili huenda na -ia au -ea. Kisha nawauliza kwa nini mkono huu unaitwa wa kulia. Kimya. Mmoja hudhani ni kulia machozi. Ni "la", kula, katika kauli ya kutendea: mkono wa kulia chakula. Ukiwapa huo hawausahau, na zaidi ya mara moja nimeona mwanafunzi akitazama mkono wake katikati ya mtihani.

Katika orodha hiyo utaona pia "nolea" na "fagilia", zenye l ambayo haionekani katika "noa" na "fagia". Hapa Kiganda kinawasaidia badala ya kuwaangusha. Vitenzi vyetu vyenye irabu mbili mwishoni, kama zaa, noa, kaa, nunua, vilipoteza l zamani, na kutendea ndiko inakochungulia: zalia, nolea, kalia, nunulia. Mganda bado anasema zaala, l yake iko pale pale mdomoni. Anayeandika "nunuia" au "funguia" mwulize tu kauli ya kutendwa ya kitenzi hicho. Atasema nunuliwa, funguliwa. Basi l hiyo hiyo aipeleke kwenye kutendea.

Sasa hao wa pili, wa "alikatia mbao kwa msumeno". Hawa mkia wameuweka sawa, lakini hawakujua umekuja kufanya nini.

Mkia wa kutendea unakula kihusishi. Pale ambapo sentensi ya kwanza ina "kwa", "kwa ajili ya" au "kwa niaba ya", mkia unaingia kwenye kitenzi, kihusishi kinaondoka, na yule aliyekuwa nyuma ya kihusishi anasogea karibu na kitenzi. Tazama "Mama alipika chakula kwa ajili ya wageni." Ukiibadilisha unapata "Mama aliwapikia wageni chakula." Hapa kumetokea mambo matatu na mwanafunzi huona moja tu, mkia. La pili ni kwamba "kwa ajili ya" imekwisha. La tatu ni wageni kuruka mbele ya chakula na kuacha alama yao ndani ya kitenzi, ile "wa". Wageni walikuwa chagizo, sasa ni shamirisho kitondo, na chakula, shamirisho kipozi, kimerudi nyuma kuwapisha. Mwanafunzi anayeandika "Mama alipikia chakula kwa ajili ya wageni" amelipa nauli mara mbili kwa safari moja.

Lakini hapa nenda polepole usije ukampa mwanafunzi kanuni ya uongo. Ukimwambia kwamba "katia" haikai na "kwa msumeno" katika sentensi moja, kesho atakutana na "Fundi alimkatia mteja mbao kwa msumeno", akuulize. Sentensi hiyo ni safi. Mkia mmoja hupokea mgeni mmoja tu, na hapa mgeni ni mteja. Kiti kimeshakaliwa, basi msumeno unabaki na "kwa" yake. Aliyeandika "alikatia mbao kwa msumeno" amefungua kiti asimkalishe mtu: msikilizaji anabaki akingoja kusikia alimkatia nani. Ndilo kosa, na ndivyo ninavyoliandika pembeni ya daftari: "Alimkatia nani?" Linamwuma zaidi ya mkasi mwekundu.

Jibu lililotarajiwa ni lipi basi? Ukifuata kanuni kama ilivyo, "Fundi alikatia mbao msumeno." Vitabu vya mazoezi huikubali, na kisarufi sina hoja nayo. Sikio langu ndilo lina hoja. Chombo kikisimama peke yake mwishoni bila kihusishi, msomaji hukisoma kama kitu kingine kilichokatwa. Ningekushauri uache kuuliza swali hilo kwa namna hiyo. Kiswahili kinachosemwa hukipeleka chombo mbele, na kitenzi kinakuja na kirejeshi chake. Basi mpe mwanzo wa jibu: "Anza: Huu ndio msumeno..." Jibu linakuwa "Huu ndio msumeno aliokatia fundi mbao." Hilo utalisikia karakana yoyote, na bado linampima kwenye kauli ya kutendea.

Kwa mwanzo huo utavuna kosa jipya, nalo lina faida: "msumeno aliyekatia mbao". Kirejeshi kimemfuata fundi badala ya msumeno. Mweke chini avunje kitenzi: a ni fundi, li ni wakati, o ni msumeno, katia. Msumeno uko ngeli ya mti, kirejeshi chake ni -o-. Angekuwa na kisu angesema "kisu alichokatia", angekuwa na panga "panga alilokatia". Zungusha vyombo vitano vya ngeli tofauti katika sentensi hiyo moja, somo la dakika arobaini limekwisha bila kufundisha kitu kingine.

Kuna kihusishi kingine ambacho mkia huu unakimeza na vitabu hukipita mbio: "ya" ya umilikaji. "Mtoto alivunja kioo cha jirani." Kutendea ni "Mtoto alimvunjia jirani kioo." Jirani alikuwa mwenye kioo, sasa ndiye aliyefikwa na jambo. Wanafunzi wengi huacha "cha": "alimvunjia kioo cha jirani", na hapo kweli anayesikia hajui ni nani alivunjiwa. Ila mwonye asijiamini sana. Mpe "Mtoto alivunja mkono wa jirani." Kwa kasi ile ile ataandika "alimvunjia jirani mkono". Sivyo. Ni "alimvunja jirani mkono", bila mkia wowote. Kiungo cha mwili si mali, ni mtu mwenyewe. Ukivunja mkono umemvunja yeye. Kioo ni chake, mkono ni yeye. "Alimkata kidole" na "alimkatia kamba" ni sentensi mbili ambazo kila mzungumzaji anazitenganisha bila kujua kwa nini, na ni nadra kuziona katika zoezi la mtihani. Mimi huziweka.

Tukiwa bado kwenye alama za watendwa ndani ya kitenzi, kuna mtego mwingine wa nyumbani. Kiganda kinaruhusu mbili kwa mpigo. "Nkimuwadde": n ni mimi, ki ni kitabu, mu ni yeye, nimempa. Mwanafunzi anahamisha mpangilio wote na kuandika "nimekimpa". Kiswahili kina nafasi moja tu hapo, na ikigombewa na mtu na kitu, mtu ndiye anayeingia. "Nimempa." Kitabu kama lazima kitajwe kitatajwa nje: "nimempa hicho". Kwa hiyo kila anapotumia kutendea, alama ya ndani ni ya aliyetendewa. "Nilikinunulia kitabu mtoto" ni Kiganda kilichovaa kanzu. Kwetu ni "nilimnunulia mtoto kitabu".

Ukishayafikisha hapo ndipo uwaletee kutendwa juu ya kutendea, maana mazoezi ya kidato cha sita hayaachi kauli moja ilale peke yake. Anza na wizi, kila mtu ana kisa chake cha simu. "Mwizi aliiba simu ya Nakato." Kutendea: "Mwizi alimwibia Nakato simu." Sasa kutendwa, na zoezi liwe na mianzo miwili, "Simu..." na "Nakato...". Ya kwanza ni "Simu ya Nakato iliibwa na mwizi." Ya pili ni "Nakato aliibiwa simu na mwizi." Simu huibwa, mtu huibiwa. Ile i katikati ndiyo mkia wa kutendea. Anayeandika "Nakato aliibwa simu" amemtia Nakato mfukoni mwa mwizi, na anayeandika "Simu iliibiwa" ameifanya simu ilalamike polisi. Waache wacheke, ni njia nzuri ya kukumbuka. Kanuni yenyewe ni kwamba aliyetendewa ndiye anayepandishwa kuwa kiima. Kipozi kinabaki nyuma ya kitenzi, bila kihusishi. "Simu iliibiwa Nakato" wala "Chakula kilipikiwa wageni" si mpangilio ninaoukubali katika daftari.

Kisha wapeleke penye utelezi zaidi, vitenzi vile vya l iliyojificha. Kutendwa kwa "nunua" ni nunuliwa. Kutendea ni nunulia, na kutendwa kwa kutendea ni... nunuliwa tena! Umbo moja, asili mbili. "Gari lilinunuliwa na baba" na "Mama alinunuliwa gari na baba" zina kitenzi kile kile kwa macho, lakini ya kwanza haina mkia wa kutendea na ya pili inao. Mtihani ukimtaka mwanafunzi ataje viambishi, hapa ndipo wanapomwaga alama. Kipimo ni kuirudisha sentensi kwenye kutenda. Ya kwanza inakuwa "Baba alinunua gari", ya pili "Baba alimnunulia mama gari". Au afanye haraka zaidi, atazame kama baada ya kitenzi kuna kitu kisicho na "na". Kama kipo, kama hilo gari la mama, basi kiima ni aliyetendewa. Ni kama "Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia": mimi siuzwi, ni mbuzi aliyeuzwa.

Kutendesha nitapita upesi kidogo, kwa sababu sentensi zake ni rahisi kuliko maumbo yake. Mpangilio ni ule ule: anaingia msababishaji anachukua kiima, na aliyekuwa kiima anashuka kuwa shamirisho na kuchukua ile nafasi moja ndani ya kitenzi. "Mwalimu aliwafanya wanafunzi waandike insha" inakuwa "Mwalimu aliwaandikisha wanafunzi insha." "Kufanya" imemezwa na mkia kama "kwa" ilivyomezwa kule. Atakayeandika "Mwalimu aliwafanya wanafunzi waandikishe insha" amelipa nauli mara mbili tena, na safari hii amemwongeza mtu wa tatu asiyejulikana anayeandika kweli.

Maumbo ndiyo kichomi. Waka huzaa washa, amka amsha, chemka chemsha, choka chosha. Mwanafunzi akishaona hivyo anaandika "andisha" kutoka "andika", na tena Kiganda kinamshangilia, maana wandiika kwao huzaa wandiisa. Kwetu ni andikisha, kama pika inavyozaa pikisha na cheka chekesha. Nimewahi kutafuta kanuni itakayotenganisha choka na cheka nikaacha. Lala ni laza, lia ni liza, kataa ni kataza, ona ni onya, pona ni ponya, ogopa ni ogofya. Hizi ni za kuzoea kwa kuzitumia, thelathini hivi zinatosha kwa kidato cha sita, na usimpe mwanafunzi matumaini kwamba atazibuni kwa akili.

Jambo moja la maana kabla hatujaunganisha mikia. Kwa Kiganda somesa ni kufundisha, na mwalimu ni omusomesa. Kwa hiyo wanafunzi wako wakiona "somesha" wanakuona wewe ubaoni na chaki. Kiswahili kinaweza kuitumia hivyo, lakini masikio mengi hupata kwanza maana nyingine: kumlipia mtu karo, kumgharimia masomo. Sentensi ninayokupa sasa haieleweki bila maana hiyo.

Iandike ubaoni, mstari kwa mstari, na kila mstari wahesabu watu.

"Watoto walisoma." Kundi moja tu, watoto.

"Dada aliwasomesha watoto wa Musoke." Ameingia dada, watoto wameshuka, "wa" ndani ya kitenzi ni yao. Musoke yupo, lakini amejificha nyuma ya "wa" ya umilikaji.

"Dada alimsomeshea Musoke watoto." Musoke ametoka nyuma ya umilikaji kama jirani wa kioo. Amefanyiwa hisani. Kiti cha ndani ya kitenzi ni kimoja, kwa hiyo "wa" ya watoto imeondoka na "m" ya Musoke imeingia. Hapa ndipo utaona "aliwasomeshea Musoke watoto", yaani mwanafunzi amesahau kubadilisha mpangaji. Anaweza pia kuacha e na kuandika "alimsomesha Musoke watoto", na Musoke anakuwa ndiye anayelipiwa karo.

"Musoke alisomeshewa watoto na dada yake." Aliyetendewa amepanda kuwa kiima, dada ameshuka kwa "na", watoto wamebaki walipo bila kihusishi.

Sasa mchane hicho kitenzi cha mwisho: som-esh-e-w-a. Mzizi, kutendesha, kutendea, kutendwa, irabu ya mwisho. Mpangilio huo si wa bahati. Mwanaisimu Larry Hyman alipolinganisha lugha za Kibantu mwaka 2003 alionyesha kwamba mikia hii hupendelea foleni moja: kutendesha mbele, kutendea, kutendana, kisha kutendwa nyuma kabisa. Kwa hiyo "somewesha" au "somelesha" hazitungiki, hata kama mwanafunzi ana hoja ya maana. Rudishiwa, safirishiwa, lipishiwa, zote zimepanga foleni hiyo. Anayekaidi foleni ni kutendana. Wawili wakipigana na wewe ukawachochea, umewapiganisha: pig-an-ish-a, kutendana imetangulia kutendesha. Vivyo hivyo patanisha na kosanisha. Hapo maana ndiyo inayopanga, kwa sababu kilichosababishwa ni huko kupigana kwenyewe. Wafundishe foleni kwanza, halafu wape "patanisha" kama mkaidi anayejulikana kwa jina. Usiwape kabla.

Katika upangaji wa mazoezi, mimi huandika kila swali likiwa na mwanzo wa jibu. "Andika katika kauli ya kutendea" peke yake hupima mkia tu, na mkia wako wanaujua. "Anza: Musoke..." au "Anza: Huu ndio..." humlazimisha kuamua nani apande, nani ashuke, na kihusishi kipi kife. Na katika kusahihisha natoa alama mbili kwa sentensi, moja ya umbo la kitenzi na moja ya kila kilichokizunguka. Huyo wa "alikatisha mbao msumeno" hapati ya kwanza, lakini ya pili anaipata, maana "kwa" ameifuta kama inavyotakiwa. Wa "alikatia mbao kwa msumeno" anapata ya kwanza tu. Wote wana moja, na kila mmoja anaona ni ipi aliyokosa.

Epuka vitenzi vichache katika zoezi la kwanza. "Pa" tayari ana aliyepewa ndani yake, hahitaji mkia, na kutendwa kwake ni pewa. "Fa" mwache hadi mwisho, ingawa ndiye mtamu kuliko wote. "Mtoto wa Musoke alikufa" ina mtu mmoja anayetenda na hakuna anayetendwa, kwa hiyo mwanafunzi atakuambia haiwezi kwenda kutendwa, na kwa kawaida yuko sawa. Ila ukipitia kutendea, "Mtoto alimfia Musoke", mlango unafunguka: "Musoke alifiwa na mtoto wake." Ndivyo pia mvua iliyonyesha inavyotunyeshea, tukanyeshewa. Niliwahi kuuliza hilo la mvua darasani, na kijana mmoja akajibu "Mvua ilinyeshwa na sisi." Nikamwambia kama anaweza hivyo, aende Karamoja kwenye ukame, watampokea kwa ngoma.